Usigeuze kila -na- kuwa -li-: hadithi inayoruka kati ya jana na sasa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mhariri kanirudishia hadithi yangu kaandika pembeni 'nyakati zinayumba', basi, hajaeleza zaidi. Nikaanza kubadili kila -na- kuwa -li- ila sasa inasomeka kama maelezo ya polisi na sehemu zingine hazileti maana kabisa. Nakuwekea kipande kama kilivyokuwa mwanzo. Nimekosea wapi?"

"Zaituni alishuka kwenye daladala pale Buguruni akiwa na mfuko wa mchele. Mvua ilikuwa inanyesha. Akavuka barabara mbio mpaka kibandani kwa Mama Side. Ndani kuna watu watatu wanakula chapati. Mama Side anamtazama halafu anageuka kama hajamwona. Zaituni anaweka mfuko chini. Akasema, 'Shikamoo mama.' Mama Side hajibu. Zaituni alijua hapo kuna jambo. Anakumbuka mumewe alivyomwambia asubuhi kwamba asiende kule."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza simamisha hiyo kazi ya kubadilisha, na kama ile nakala ya mwanzo bado unayo rudi kwenye hiyo hiyo, manake unachofanya sasa hivi kinaharibu hata sehemu ulizokuwa umepatia. Mhariri wako yuko sahihi, nyakati zinayumba, ila hajakwambia kwamba hapo kwenye kipande chako kuna -na- na -ja- ambazo ziko mahali pake na hazina kosa lolote. Ukizifagia zote umetupa mchele na pumba.

Chukua sentensi hii: "Zaituni alisema anaumwa." Hapo kuna alisema, ya jana, na anaumwa, ya sasa. Je, nyakati zimeyumba? Hapana. Anaumwa hapo maana yake alikuwa anaumwa wakati ule ule anasema. Sasa ifanyie hiyo dawa yako: "Zaituni alisema aliumwa." Umeona? Imekuwa habari nyingine, sasa anasimulia ugonjwa uliopita, labda wa wiki jana, labda ameshapona. Au hii: "Alimkuta mtoto analia" ukiigeuza "alimkuta mtoto alilia" ndo inavunjika kabisa, hakuna mtu anaongea hivyo. Kiswahili chetu kinafanya hivi: kitenzi kinachomwegemea mwenzake hakihesabu muda kuanzia leo hii unaposoma, kinahesabu kuanzia kwa yule anayemwegemea. Kwa hiyo -na- ni "wakati huo huo", -me- ni "ilishakuwa hivyo kabla hajafika", -ta- ni "baadaye kidogo". "Akakuta mlango umefungwa." "Akajua hatarudi." Zote ni hadithi za jana na zote ziko safi.

Ndo maana kwenye kukagua mimi huwa nagawa vitenzi mafungu mawili tu. Kuna vitenzi vinavyosukuma hadithi mbele na kuna vile vinavyoning'inia. Ukitaka kujua kipi ni kipi jiulize swali ambalo watoto wanauliza ukiwa unawahadithia, "halafu ikawaje?" Kitenzi kinachojibu swali hilo ni cha kusukuma. Alishuka, akavuka, akasema, hivyo vinajibu. Wanakula, hajamwona, asiende, hivyo havijibu kitu peke yake, vinasubiri mwenzao. Kuyumba kunakosumbua msomaji kuko kwenye fungu la kwanza pamoja na zile sentensi zinazoeleza mandhari, yaani pale unapopanga jukwaa, mvua, kibanda, watu waliomo. Fungu la pili liache lilivyo.

Haya sasa tuingie kwenye kipande chako taratibu.

Sentensi tatu za mwanzo ziko vizuri sana. Alishuka imepanda mti, msomaji anajua tuko jana. "Mvua ilikuwa inanyesha", ina -na- ndani lakini ilikuwa imeshaibeba, safi. Akavuka, safi.

Halafu inakuja: "Ndani kuna watu watatu wanakula chapati." Hapa ndo ulipotoka nje, na nataka tukae hapa kidogo kwa sababu katika miswada ninayoletewa huu ndo mlango ambao watu wengi wanapitia bila kujua. Angalia, ukiandika kushuka au kuvuka unalazimika kuchagua, ama ali- ama ana- ama aka-, kidole kinasimama hata kwa nukta moja. Lakini kuna haina pa kuweka -li-. Wala ni haina, wala yuko, wala "ana watoto wawili", wala pana. Ni vineno vifupi vya sasa ambavyo ukitaka kuvipeleka jana inabidi ulete kuwa zima zima: kulikuwa na, alikuwa, alikuwepo, ilikuwa. Ni maneno mengi, mkono unaona uvivu, unaandika kuna unaendelea. Na ukishaandika kuna, sikio lako limeshahamia sasa, ndo maana sentensi inayofuata haikuja na akamtazama, imekuja na anamtazama. Hukuamua kubadili wakati, ni kuna ndo imekuamulia.

Kwa hiyo dawa ya hapo ni "Ndani kulikuwa na watu watatu wanakula chapati." Wanakula usiiguse. Ukipenda waweza kuandika wakila au waliokuwa wanakula, ni suala la mwendo wa sentensi tu, mimi ningeacha wanakula kwa sababu ni fupi.

Kuna mahali pamoja ambapo kuna na ni za sasa zinaruhusiwa kusimama zenyewe ndani ya hadithi ya jana, pale kitu chenyewe bado kiko hivyo hadi leo na msimulizi anaongea na sisi. "Alishuka Buguruni. Buguruni ni Ilala, siyo Temeke kama alivyodhani." Hiyo sawa, Buguruni haijahama. Lakini wale watu watatu wa chapati walishamaliza kula zamani.

Tuendelee. "Mama Side anamtazama halafu anageuka", hivyo viwili vinajibu "halafu ikawaje", kwa hiyo vyote ni akamtazama, akageuka. "Kama hajamwona", acha, inaning'inia kwenye kama. "Zaituni anaweka mfuko chini", akaweka.

Kisha "Akasema, 'Shikamoo mama.'" Hii -ka- yenyewe si kosa ila imebaki yatima. Hiki kiambishi -ka- hakina wakati wake, kinaazima kutoka kwa kitenzi kilichotangulia, ni kama behewa, lenyewe halina injini. Ulipoanza na alishuka, akavuka ilikuwa imefungwa nyuma ya injini. Lakini kabla ya akasema umeweka anamtazama, anageuka, anaweka, sasa msomaji akifika kwenye akasema anarudi nyuma kutafuta injini iko wapi na inabidi aruke sentensi tatu. Hatakwambia "-ka- yako imekosa kitangulizi", atakwambia tu stori haitulii, au ataweka simu chini.

Na hapo hapo ndo jibu la lile jambo la maelezo ya polisi. Ulipogeuza kila kitu kuwa -li- ulipata hivi: "Zaituni alishuka. Alivuka barabara. Mama Side alimtazama. Aligeuka. Zaituni aliweka mfuko chini. Alisema." Kila tukio limesimama kivyake, kama mtu anajibu maswali kituoni. Kila -li- ni kama unaanza upya. Hadithi ya Kiswahili tangu kwa bibi zetu inapanda -li- moja mwanzoni, si unakumbuka "hapo zamani za kale paliondokea", hiyo -li- ya paliondokea ikishakaa basi, kinachofuata ni akaenda, akamkuta, akamwambia, mpaka mwisho wa tukio. -li- mpya unaipanda pale unapobadili mahali, au siku, au unapohamia kwa mhusika mwingine, au ukitaka msomaji asimame. Kwa hiyo kwenye hadithi ya jana, badala ya -na- iliyopotea, mara nyingi unachotakiwa kuweka ni -ka-, siyo -li-.

"Mama Side hajibu." Hili nalo ni jipya kidogo, ni kosa la kuambukizwa. Umetoka tu kuandika maneno ya mdomoni, 'Shikamoo mama', na maneno ya mdomoni yanakuwa ya sasa, ndivyo inavyotakiwa. Ukifunga alama za mtajo kichwa kinabaki humo humo ndani ya maongezi, unaandika hajibu, anasema, anacheka. Na kukanusha kunasaidia kuficha, kwa sababu hajibu, hajui, hataki hazina -na- ambayo jicho lingeiona, mtu anaweza kupekua -na- zote ukurasa mzima na hajibu ikapita. Hapo ni "Mama Side hakujibu." Ukitaka kuiunganisha kama -ka- kuna namna ya zamani tamu sana, "Mama Side akageuza chapati asijibu", asi- inafanya kazi ya -ka- ya kukanusha, ila usiipige kila mahali.

"Zaituni alijua hapo kuna jambo." Hii kuna haijasimama yenyewe, inaegemea alijua, iache. Nina neno juu ya alijua yenyewe, nitaisema mwisho. "Anakumbuka mumewe alivyomwambia asubuhi kwamba asiende kule", geuza akakumbuka, alivyomwambia iache, neno asubuhi linatosha kumwonyesha msomaji kuwa ni kabla.

Kwa hiyo kinatoka hivi:

"Zaituni alishuka kwenye daladala pale Buguruni akiwa na mfuko wa mchele. Mvua ilikuwa inanyesha. Akavuka barabara mbio mpaka kibandani kwa Mama Side. Ndani kulikuwa na watu watatu wanakula chapati. Mama Side akamtazama halafu akageuka kama hajamwona. Zaituni akaweka mfuko chini. Akasema, 'Shikamoo mama.' Mama Side hakujibu. Zaituni alijua hapo kuna jambo. Akakumbuka mumewe alivyomwambia asubuhi kwamba asiende kule."

Hesabu, nimegusa maneno 6 tu. Na kati ya hayo 6, yaliyochukua -ka- ni 4, na hakuna hata moja ambalo nimechomoa -na- nikachomeka -li- kama ulivyokuwa unafanya.

Sasa utaniuliza, mbona tukiwa tunapiga stori tunachanganya na tunaelewana? Ni kweli. Mtu anakwambia "jana nimekaa zangu nje, mara anakuja yule jamaa, ananiambia nipe hela yangu, mi nikamwangalia tu." Imeruka mara mbili na wewe unacheka tu. Lakini yule ana sauti, ana mikono, anainuka kwenye kiti kukuonyesha jamaa alivyosimama. Kila anaporuka uso wake umeshakwambia. Kwenye karatasi msomaji hana hivyo vyote, ana viambishi tu.

Lakini angalia vizuri hata huyo mpiga stori, alivyohamia sasa alisema mara. Hiyo mara ni kibao cha barabarani. Na ndo sharti langu ukitaka kuhamia sasa kwa makusudi, labda kwenye kilele, mlango unavunjwa, gari linakuja. Ruhusa unayo. Weka kibao, mara, ghafla, au anza aya mpya. Ukishaingia, kaa humo tukio zima liishe, usiingie kwa sentensi moja ukatoka. Ukirudi, rudi na -li- na neno la muda, "Ilipofika saa mbili usiku Zaituni alikuwa bado amekaa pale", usirudi na -ka-, tumeshaona -ka- yatima inavyokuwa. Na mara moja kwenye hadithi fupi inatosha. Mimi mwandishi akiniletea mswada naweka kidole pale alipohamia namuuliza kwa nini hapa, akinijibu "hapa nataka msomaji aone kwa macho" namwachia, akikaa kimya namwambia rudisha.

Au pengine unataka yote iwe sasa, mwanzo mwisho. Inawezekana na wapo wanaoiweza, ila ujue unalipa nini: unaipoteza -ka-. "Zaituni anashuka kwenye daladala. Anavuka barabara. Anaingia kibandani. Anaweka mfuko." Ana, ana, ana, baada ya nusu ukurasa ni kama mtangazaji wa mpira redioni siku timu zinapigiana pasi katikati ya uwanja. Wanaoiweza wanafunga sentensi kwa njia nyingine, wanatumia ku- na -ki-: "Zaituni anashuka na kuvuka barabara mbio, mfuko ukimpiga gotini." Na mambo ya asubuhi na mumewe yanakuwa na -li- peke yake, ambayo kwa kweli inapendeza, msomaji anatofautisha kirahisi sana ya sasa na ya kumbukumbu. Kwa hadithi yako yenye kumbukumbu moja tu mimi ningebaki jana.

Kuna yumba nyingine ya kimya kimya ambayo kwako sijaiona kwenye hiki kipande ila nakutahadharisha, -me-. Siku hizi tunaongea "jana nimeenda, nimemkuta, amenambia". Mdomoni poa. Kwenye hadithi ikikaa kwenye vitenzi vya kusukuma inafanya msimulizi aonekane kama amerudi sasa hivi anatoa taarifa, na ukiichanganya na -li- msomaji hajui kama tukio ni la leo au la mwaka jana. -me- iache ifanye kazi yake ya hali, amelala, amevaa, umefungwa.

Sasa namna ya kupitia hadithi nzima. Usisome kuanzia mwanzo kama msomaji, stori itakuvuta na hutaona kitu. Anza na viungio. Soma kitenzi cha mwisho cha kila aya na cha kwanza cha aya inayofuata, hivyo tu. Na hasa pale ulipoacha kuandika ukalala ukaendelea kesho yake, manake ukikaa upya picha inakuja kichwani mbichi kama unaiona, na vidole vinaandika unachokiona. Mimi nilishawahi kuandika kisa nikasimama kwa ajili ya Idi, niliporudi kuendelea kurasa 11 zote zikatoka kwa wakati wa sasa na sikugundua, mke wangu ndo aliniuliza "mbona huku mwishoni umebadilika?"

Halafu ingia kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+F, usitafute -na- maana utaletewa kila jina na kila kijana na kila mwana. Tafuta maneno ya mlango: kuna, hakuna, yuko, yupo, hana, hajui, hataki, anasema. Kila moja likitokea uliza, linaegemea kitenzi kingine au limesimama lenyewe? Likiegemea pita. Likisimama lenyewe na siyo neno la mdomoni mwa mhusika, rekebisha, na usome sentensi mbili zinazofuata kwa sababu ugonjwa huwa haubaki kwenye neno moja. Kwa kurasa 9 au 10 hiyo ni kazi ya jioni moja.

Nimebakiza ile alijua. Kisarufi haina kosa, ndo maana sikuigusa, lakini nadhani siyo ulichotaka kusema. "Zaituni alijua hapo kuna jambo" inasimamisha mwendo, na inaweza kusomeka kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo, labda hata kabla hajashuka kwenye daladala. "Zaituni akajua hapo kuna jambo" ni kwamba amejua baada ya salamu yake kupita bila kuitikiwa. Kama Zaituni alienda pale akijua tayari wamechukia, acha alijua. Kama salamu ndo imemfumbua macho, weka akajua. Hilo mimi siwezi kukuamulia, wewe ndo unamjua Zaituni.